Gawio asilimia 14, riba ya akiba asilimia 9: kwa nini hazilingani?

SWALI

Ndugu mweka hazina,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kaunti ya Kakamega na ni mwanachama wa Sacco moja ya watumishi wa umma. Katika mkutano mkuu wa mwaka huu, mwenyekiti alisoma kwamba gawio la hisa ni asilimia 14 na riba ya akiba ni asilimia 9. Nilianza mwaka nikiwa na akiba ya shilingi 360,000, nikakatwa 5,000 kila mwisho wa mwezi, na mwezi wa Septemba nikauza ng'ombe nikaongeza 60,000. Hisa zangu ni 30,000. Nilifunga mwaka nikiwa na 510,000 kwa jumla, nikatarajia asilimia 14 ya pesa hizo zote. Niliingiziwa elfu thelathini na ushei. Mwenzangu tunayefundisha naye ana 510,000 vilevile na hukatwa 5,000 kama mimi, ila hisa zake ni 150,000 na akiba 360,000. Yeye amepata karibu elfu kumi zaidi yangu. Hata nikipiga asilimia 9 ya akiba yangu peke yake napata 43,200, na sikupewa hata hizo. Karani aliniambia tu kwamba hisa ni hisa na akiba ni akiba. Je, nimepunjwa? Na je, nihamishe akiba yangu yote iwe hisa ili mwakani nilipwe asilimia 14?

Mwalimu, Kakamega

JIBU

Mwalimu, kwa takwimu ulizoniandikia hukupunjwa. Karani alikujibu kweli, lakini ni kweli isiyomsaidia mtu, na nasikitika kusema kwamba majibu ya namna hiyo husikika katika ofisi nyingi za vyama vya akiba na mikopo, pamoja na yetu hapa Kisumu. Nitakueleza kwanza pesa hizi mbili zinasimama wapi ndani ya chama, kisha nipige hesabu yako na ya mwenzako shilingi kwa shilingi, na ndipo nitakapofikia swali la kuhamisha, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi katika barua yako.

Shilingi 30,000 za hisa zimekufanya uwe mmoja wa wenye chama. Shilingi 480,000 za akiba ni pesa ambazo chama kinadaiwa nawe. Ukifungua mizania iliyokaguliwa, utaona akiba za wanachama zimeandikwa katika upande wa madeni, na hisa zimeandikwa chini yake katika mtaji, pamoja na akiba za dharura za chama chenyewe. Ni kama watu watano walionunua kisiagio cha mahindi kwa kuchanga, kisha jirani akawakopesha pesa za dizeli: jirani hulipwa alichoahidiwa kabla ya wenye kisiagio kugawana chochote, na mwaka mbaya wenye kisiagio ndio wanaorudi nyumbani mikono mitupu. Kinachochanganya watu katika Sacco ni kwamba jirani na mwenye kisiagio ni mtu mmoja. Wewe ni mwenye chama kwa 30,000 na ni mkopeshaji wa chama kwa 480,000, na kila nafasi ina malipo yake na hatari zake.

Tofauti hiyo huonekana siku ya kuondoka. Ukijiuzulu, unatoa ilani, ambayo katika sheria ndogo za vyama vingi ni siku 60, na baada ya hapo chama hukurudishia akiba yako ikiwa huna mkopo na hujamdhamini mtu ambaye bado anadaiwa. Hisa hazirudishwi hivyo. Zinahamishwa kwa mwanachama mwingine anayekubali kuzinunua, na asipopatikana mnunuzi, unasubiri. Chama kikivunjwa, wenye akiba hulipwa kwanza na wenye hisa hupata kilichobaki, kama kimebaki. Sababu ya kuwa na mpangilio huo ni kwamba mtaji ndio ukuta unaopokea hasara kabla haijaifikia akiba, na ndiyo maana SASRA, mdhibiti wa vyama hivi, hudai kwamba chama kinachopokea amana kiwe na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali zake zote. Mtaji ambao mwenyewe anaweza kuuchukua Jumatatu hauwezi kuwa ukuta wa kitu chochote.

Sasa tuingie katika mapato. Nitatumia chama cha kubuni, chenye ukubwa wa wastani, na nitaweka namba nyepesi ili uzifuate bila kikokotoo. Chama hiki kimekopesha wanachama wake wastani wa shilingi milioni 850 mwaka mzima, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, kwa hivyo kimepata riba ya milioni 102. Kina jengo mjini ambalo vyumba vyake vimepangishwa, pamoja na ada ndogondogo, na hizo zimeleta milioni 6. Mapato yote ni milioni 108.

Kitu cha kwanza kuondolewa katika milioni hizo 108 ni riba ya akiba. Wastani wa akiba za wanachama kwa mwaka ni milioni 700, na asilimia 9 yake ni milioni 63. Katika hesabu zilizokaguliwa, riba hiyo huandikwa kama gharama, sawa na mshahara wa karani au bili ya umeme, kwa sababu ndiyo bei ambayo chama kimelipa ili kupata pesa za kukopesha. Baadaye huondolewa gharama za kuendesha ofisi, ambazo hapa ni milioni 24, na tengo, yaani pesa zinazowekwa kando kwa ajili ya mikopo isiyolipwa vizuri, milioni 5. Kinachobaki ni ziada ya milioni 16. Riba inayotoka kwa wanachama wenyewe haitozwi kodi ya mapato katika chama, lakini mapato ya nyumba za kupangisha na mapato mengine ya nje hutozwa, kwa hivyo tuondoe milioni 1. Zimebaki 15. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka asilimia 20 ya ziada hiyo iende katika akiba ya kisheria, ambayo haigawiwi mtu, nayo ni milioni 3. Zimebaki milioni 12, na ni hapa tu, mwishoni kabisa, ambapo mwenye hisa anatajwa kwa mara ya kwanza.

Hisa zote za chama hiki ni milioni 60. Bodi inapendekeza gawio la asilimia 14, yaani milioni 8.4, na milioni 3.6 zinabaki kukuza mtaji. Wanachama wanapiga kura katika mkutano mkuu, ambao hufanywa ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na wakikubali, gawio linalipwa. Kabla ya kura hiyo hakuna gawio, hata kama mwenyekiti amelitaja kwenye mazishi na harusi tangu Januari.

Linganisha sasa uzito wa asilimia hizo mbili, maana hapo ndipo wanachama wengi hupotelea. Katika chama hiki, asilimia moja ya riba ya akiba ni shilingi milioni 7, na asilimia moja ya gawio la hisa ni shilingi 600,000. Wenye akiba wamelipwa milioni 63 na wenye hisa milioni 8.4. Kwa hivyo anayesema chama kinapendelea hisa kwa sababu 14 ni kubwa kuliko 9 anatazama kiwango na kusahau kapu ambalo kiwango hicho kinapimwa nalo. Bodi ikitaka kupandisha riba ya akiba kutoka asilimia 9 hadi 10, gharama inaongezeka kwa milioni 7, ziada inashuka kutoka milioni 16 hadi 9, na baada ya kodi ileile na akiba ya kisheria zinabaki milioni 6.4 tu. Hata zote zikigawiwa bila kubakiza senti, gawio haliwezi kufika asilimia 11. Bodi ikitaka kupandisha gawio kutoka 14 hadi 15, inahitaji 600,000 tu. Ndiyo sababu gawio kubwa ni rahisi kutangazwa na hupendeza magazetini, na ningekushauri usikipime chama chochote kwa gawio lake peke yake. Ukisikia majirani wakilinganisha vyama kwa asilimia ya gawio, waulize riba ya akiba ni ngapi, kwa kuwa ndiko pesa zao nyingi ziliko.

Mwenye hisa hulipwa kiwango cha juu kwa sababu yeye ndiye anayekaa karibu na shimo. Chukua chama kilekile, kisha mikopo ya wanachama kadhaa iharibike. Kanuni za SASRA hupanga mikopo kwa siku za kuchelewa: uliochelewa kati ya siku 181 na 360 hutengewa asilimia 50 ya salio lake, na uliopita siku 360 huhesabiwa kuwa umepotea na kutengewa asilimia 100. Tuseme tengo linapanda kutoka milioni 5 hadi 10. Ziada inakuwa milioni 11, baada ya kodi 10, baada ya akiba ya kisheria 8. Gawio la asilimia 14 linahitaji milioni 8.4, ambazo hazipo, kwa hivyo bodi yenye busara itapendekeza asilimia 10, yaani milioni 6, na kuacha milioni 2 katika mtaji. Wenye akiba wamepata asilimia 9 yao ileile. Mwaka ukiwa mbaya zaidi, riba ya akiba nayo itaguswa, kwa maana haina dhamana ya serikali, lakini itaguswa baada ya gawio kuwa limekwisha kuumia.

Hesabu yako mwenyewe inahitaji jambo moja zaidi, nalo ni muda. Gawio lako ni jepesi: 30,000 mara asilimia 14 ni shilingi 4,200. Riba ya akiba, kinyume chake, haipigwi juu ya salio la tarehe 31 Desemba, bali juu ya muda ambao kila shilingi imefanya kazi. Pesa iliyoingia Septemba haikukopeshwa kwa mtu mwezi wa Machi, hivyo haikuchuma chochote Machi. Vyama hutofautiana kidogo katika utaratibu, lakini ulio wa kawaida ni kuanza kuhesabu mchango tangu mwezi unaofuata ule ulioingia.

Salio lako la mwanzo, 360,000, limefanya kazi miezi yote 12, kwa hivyo linahesabiwa lote. Mchango wa 5,000 wa mwisho wa Januari umefanya kazi miezi 11, wa Februari miezi 10, na kuendelea hivyo hadi wa Novemba mwezi mmoja na wa Desemba sufuri. Ukijumlisha miezi hiyo, 11 na 10 na 9 hadi kwisha, unapata 66. Zidisha 5,000 kwa 66 kisha ugawe kwa 12, upate 27,500. Kwa maneno mengine, michango yako ya 60,000 ya mwaka mzima inahesabiwa kama 27,500 iliyokaa tangu Januari. Pesa za ng'ombe, 60,000, zimefanya kazi Oktoba, Novemba na Desemba, miezi mitatu kati ya 12, kwa hivyo zinahesabiwa kama 15,000. Jumla ni 402,500, na asilimia 9 yake ni shilingi 36,225.

Ongeza gawio la 4,200, unapata 40,425. Hapo chama hukata kodi ya zuio na kuipeleka KRA kabla ya kukuingizia, na ndiyo maana ulipokea elfu thelathini na ushei. Zile 43,200 ulizozipiga zimepita riba halisi kwa 6,975, na zote hizo zimetokana na kuhesabu michango ya mwaka na pesa za ng'ombe kana kwamba zilikuwa chamani tangu tarehe 1 Januari. Kama ungemuuza ng'ombe huyo Desemba na kuweka pesa wiki ya Krismasi, zisingekupa hata shilingi moja mwaka huo. Wapo wanachama ambao kila mwaka hufanya hivyo wakidhani wamemzidi mweka hazina ujanja.

Mwenzako alianza mwaka na akiba ya 300,000, kwa kuwa amekatwa 60,000 na kufunga na 360,000. Ukifuata njia ileile, akiba yake inahesabiwa kama 327,500, na asilimia 9 ni 29,475. Hisa zake 150,000 kwa asilimia 14, zikiwa zilikuwapo mwaka mzima, ni 21,000. Jumla ni 50,475 kabla ya kodi, na pengo kati yenu ni 10,050. Pengo hilo lina vipande viwili vinavyovutana. Yeye ana hisa 120,000 zaidi yako, na zimemletea 16,800. Wewe una akiba zaidi yake, 60,000 tangu mwanzo wa mwaka na pesa za ng'ombe kwa miezi mitatu, nazo zimekuletea 6,750. Hakuna aliyeibiwa wala aliyependelewa. Kilichotofautiana ni mahali mlipoweka pesa na siku mlizoziweka.

Nije sasa kwenye kuhamisha. Nakushauri usihamishe akiba yote, na hata sehemu yake usihamishe kabla ya kujibu swali moja: je, utahitaji kukopa katika miaka miwili au mitatu ijayo? Mkopo mkubwa katika vyama vyetu hupimwa kwa akiba, kwa kawaida mara tatu, na hisa hazihesabiwi. Leo akiba yako ya 480,000 inakufungulia mlango wa hadi 1,440,000, ikiwa wadhamini wako wanatosha na mshahara wako unabakiza theluthi moja baada ya makato yote. Mwenzako aliyekushinda kwa elfu kumi anaishia 1,080,000. Amepata 10,050 zaidi kwa mwaka na amepoteza nafasi ya kukopa 360,000. Kwake huenda ni biashara nzuri, hasa kama ameshajenga na watoto wamemaliza chuo. Kwa mwalimu anayetazamia karo ya chuo kikuu au kununua shamba, elfu kumi hizo ni bei ndogo mno ya kuuzia nafasi hiyo.

Pima kwa kila 100,000. Ukiihamisha kutoka akiba kwenda hisa kwa viwango vya mwaka huu, unaongeza shilingi 5,000 kwa mwaka kabla ya kodi, yaani tofauti ya 14 na 9. Unapoteza 300,000 za uwezo wa kukopa, na unapoteza haki ya kurudishiwa hiyo 100,000 kwa ilani ya kawaida. Kisha kumbuka kwamba ile 14 si ahadi. Hata bila mikopo mibaya, wanachama wengi wakiikimbilia itashuka yenyewe: ukirudi kwenye chama changu cha kubuni na kuhamisha milioni 100 za wanachama kutoka akiba kwenda hisa, riba ya akiba inapungua kwa milioni 9, ziada inapanda hadi milioni 25, na baada ya kodi na akiba ya kisheria zinabaki milioni 19.2, lakini sasa hisa ni milioni 160. Bodi ikigawa sehemu ileile ya asilimia 70 iliyogawa awali, gawio linatua asilimia 8.4, chini ya riba ya akiba yenyewe. Vilevile kuna uwezekano kwamba chama chako hakiruhusu kabisa akiba kugeuzwa hisa ukiwa na mkopo unaoendelea, kwa sababu akiba hiyo ndiyo rehani.

Hata hivyo, hisa 30,000 dhidi ya akiba 480,000 naziona chache, na sisemi hivyo kwa sababu ya cheo changu. Njia isiyokuumiza ni kuacha akiba mahali ilipo na kukuza hisa kwa pesa mpya. Unaweza kuiandikia ofisi barua kwamba gawio lako la kila mwaka, au hata nusu ya riba ya akiba, ligeuzwe kuwa hisa badala ya kuingizwa katika akaunti yako ya Fosa, ile ya kuweka na kutoa pesa za kila siku. Unaweza pia kuongeza makato ya 1,000 kwa mwezi yanayokwenda kwenye hisa pekee, na kwa mwaka utakuwa umeongeza 12,000 bila kugusa uwezo wako wa kukopa. Uliza tu kama chama chako hulipa gawio kwa hisa zilizonunuliwa katikati ya mwaka kwa kadiri ya miezi, au hungoja mwaka kamili, kwa kuwa sheria ndogo hutofautiana katika hilo. Soma pia kiwango cha chini cha hisa ambacho kila mwanachama anatakiwa kufikia: vyama vingi huzuia sehemu ya gawio la mwanachama aliye chini ya kiwango hicho na kulitia kwenye hisa zake, na mtu asiyejua hudhani pesa zimepotea.

Jambo ambalo ningetaka ulitazame kwa jicho kali zaidi ni kama gawio hilo la asilimia 14 lilichumwa kweli. Omba hesabu zilizokaguliwa, ambazo kila mwanachama ana haki ya kuziona. Tafuta ziada baada ya kodi, uondoe asilimia 20 ya akiba ya kisheria, kisha ulinganishe na gawio lililopendekezwa. Gawio likizidi kilichobaki, chama kinakula ziada kilizojiwekea miaka iliyopita. Kisha tafuta tengo la mikopo mibaya na ulilinganishe na la mwaka uliotangulia. Mikopo iliyochelewa ikiwa imeongezeka huku tengo likibaki palepale au likipungua, ziada imetiwa maji, na gawio kubwa la mwaka huu litalipiwa na wanachama watakaokuwapo mwaka ambao mikopo hiyo itafutwa. Mwisho, angalia kama mkopo wa chama kutoka benki umepanda katika miezi ya karibu na mkutano mkuu. Chama chenye ziada halali kinaweza bado kukosa pesa taslimu, kwa sababu ziada imo ndani ya mikopo ya wanachama, na vipo vilivyokopa benki ili kulipa gawio kwa wakati. Ukikuta hivyo, uliza mkutanoni, na uliza ukiwa na ukurasa mkononi.

Kwa upande wako mwenyewe, omba taarifa ya akaunti ya Januari hadi Desemba, ya akiba na ya hisa, kila moja peke yake. Hakikisha makato yote 12 yameingia katika mwezi wake, kwani mwajiri akichelewesha makato ya Aprili hata yakaingia Juni, chama huyahesabu tangu Julai na wewe unapoteza miezi miwili bila kosa lako. Hakikisha pia kwamba zile 60,000 ziliandikwa kuwa akiba ya Bosa, yaani ile inayopimiwa mkopo, wala hazikulala katika akaunti ya kawaida ya Fosa ambayo riba yake ni ndogo au haipo. Kisha tazama mistari miwili ya malipo kabla ya kodi: gawio lisome 4,200 na riba isome 36,225. Riba ikiwa juu au chini kidogo, huenda chama chako huhesabu mchango tangu mwezi ulioingia badala ya mwezi unaofuata, au kina tarehe ya kukata kama ya 15, na ofisi inaweza kukuonyesha kifungu hicho. Tofauti ikiwa ya maelfu, andika barua kwa meneja, ambatisha karatasi zako za mshahara na stakabadhi ya Septemba, na nakala moja uipeleke kwa kamati ya usimamizi. Kamati hiyo huchaguliwa na wanachama na haiko chini ya bodi, hivyo barua yako haitalala kwenye meza ya mtu aliyeikosea hesabu.

Mweka hazina, Kisumu